Ukisahau nywila ya nakala yako ya WhatsApp, nani atakufungulia?



Leo tunazungumza juu ya kitu kilichoko ndani ya simu yako sasa hivi, na pengine hujawahi kukifungua ukakitazama. Ni ile nakala ya akiba ya WhatsApp, ile wengi wetu tunaita bakapu. Tumeichagua WhatsApp kwa sababu ndipo mambo yetu mengi yalipo: grupu za mtaa, ujumbe wa sauti wa mama, picha za hati, na pia malalamiko ambayo watu huwatumia baadhi yenu mnaojitolea kusaidia familia zilizoonewa.

Tuanze na swali moja. Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu mwaka 2016. Maana yake ni kwamba unapoutuma, unafungwa kwenye simu yako na unafunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia. Hapo katikati hakuna anayeweza kuusoma, hata WhatsApp wenyewe. Sasa, kila usiku simu yako inapochukua ujumbe wote huo na kuupandisha Google Drive, au iCloud kwa wenye iPhone, ule usimbaji unaufuata ujumbe hadi huko?

Kwa nakala ya kawaida, jibu ni hapana. Ujumbe ukishafika kwenye simu yako umeshafunguliwa. Nakala inayotoka hapo kwenda kwenye ghala la mtandaoni ni kitu kingine kabisa, na ulinzi wake ni ule wa ghala hilo.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Usifikiri nakala ya kawaida imeachwa wazi kila mpita njia aichungulie. Google na Apple hufunga kila kitu wanachohifadhi. Tofauti iko kwa mwenye ufunguo. Nakala ya kawaida imefungwa, lakini ufunguo uko mikononi mwa kampuni. Nakala iliyosimbwa mwanzo hadi mwisho imefungwa kwa ufunguo ambao kampuni haina. Shika hilo moja tu, kwa sababu yote mengine tutakayosema leo yanatoka hapo.

Kampuni ikiwa na ufunguo, kuna faida na kuna hasara. Faida ni kwamba ukisahau nywila ya akaunti yako ya Google, wanakutumia namba ya siri kwa laini yako au kwa barua pepe nyingine, unathibitisha kwamba ni wewe, unaweka nywila mpya, na vitu vyako unavikuta palepale. Ni sawa na kusahau pini ya pesa za simu. Unawaendea na kitambulisho, wanakurekebishia, kwa sababu hesabu yako wanayo wao.

Hasara ni kwamba anayeweza kukufungulia wewe anaweza pia kumfungulia mwingine. Kampuni ikipewa amri ya mahakama itoe kilichomo kwenye akaunti, inaweza kukitoa, kwa sababu inaweza kukifungua. Na mtu akiiba nywila ya akaunti yako ya mtandaoni, amesogea hatua kubwa kuelekea mazungumzo yako.

Kuna kesi moja inayojulikana sana. Mwaka 2018 huko Marekani, Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, alikuwa akisubiri kesi yake. Mwezi Juni waendesha mashtaka walimshutumu mahakamani kwamba amekuwa akiwasiliana na mashahidi ili kuwashawishi. Ujumbe wenyewe ulikuwa umetumwa kwa WhatsApp na programu nyingine kama hiyo. Wakati huo WhatsApp ilikuwa imeshasimbwa miaka miwili. Wapelelezi hawakuhitaji kuuvunja usimbaji. Waliupata kwa njia mbili: mashahidi wenyewe waliwapa ujumbe waliotumiwa, na wapelelezi wakapekua akaunti yake ya iCloud kwa idhini ya mahakama.

Hatumtetei mtu huyo wala kosa lake. Tunatazama njia tu. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli nzito, wao wakapitia ghalani. Njia hiyo hufuata sheria kule, na hapa kwetu pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaruhusu mahakama kuagiza data iliyohifadhiwa itolewe. Wakati huohuo Katiba yetu, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha, na inataja waziwazi faragha ya mawasiliano. Kutumia kufuli yako mwenyewe ni sehemu ya kuitumia haki hiyo.

Mwaka 2021 WhatsApp ilileta njia ya kuifunga nakala hiyo. Haijiwashi yenyewe. Unaingia Settings, kisha Chats, kisha Chat backup, na hapo unaona maneno End-to-end encrypted backup. Kama mbele yake pameandikwa Off, basi yako ni nakala ya kawaida. Nenda kaangalie baadaye, usiondoke hapa sasa!

Ukiiwasha, kinachotokea ni hiki. Simu yako inatengeneza ufunguo mrefu wa kubahatisha, ambao hakuna binadamu angeweza kuukisia. Nakala inafungwa kwa ufunguo huo ikiwa bado ndani ya simu, ndipo inapandishwa Google Drive au iCloud. Kwa hivyo Google au Apple wanapokea sanduku lililokwisha kufungwa. Wakiamriwa kulitoa watatoa sanduku, lakini hawana cha kulifungulia.

Sasa ule ufunguo mrefu unawekwa wapi? Unapewa njia mbili. Ya kwanza ni kuuhifadhi wewe mwenyewe. Unaonyeshwa herufi na tarakimu 64, unaziandika, na WhatsApp hawabaki nazo. Ya pili, ambayo wengi huichagua, ni kuweka nywila yako. Hapo ufunguo unawekwa kwenye kasha la pekee la WhatsApp, vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na kasha linafunguka kwa nywila yako peke yake. WhatsApp hawaijui nywila hiyo. Tena kasha linahesabu makosa. Ukikosea mara nyingi mno, linaufunga ufunguo huo moja kwa moja, usifunguke tena milele. Limefanywa hivyo makusudi, ili mwizi asikae kujaribu nywila elfu moja mpaka moja ikubali. Lakini kasha halijui kumtofautisha mwizi na mwenyewe aliyesahau.

Siku hizi unaweza kuona pia neno passkey. Mwishoni mwa mwaka 2025 WhatsApp walitangaza kwamba nakala itaweza kufunguliwa kwa alama ya kidole, uso au pini ya simu, badala ya kukumbuka nywila. Ukiiona kwenye simu yako, ni njia nyingine ya kushika ufunguo uleule.

Haya, tufike kwenye swali la leo. Umeweka nywila, miezi minane imepita, huikumbuki. Inakuwaje?

Jibu linategemea jambo moja: je, bado uko ndani ya WhatsApp yako, au uko nje?

Kama bado uko ndani, simu iko mkononi na mazungumzo unayaona, basi hakuna kilichopotea. Rudi kwenye ukurasa uleule wa End-to-end encrypted backup, gusa Change password, na ufuate njia ya aliyesahau. Simu itakuuliza alama ya kidole au pini unayofungulia simu, kisha utaweka nywila mpya. Ni kazi ya dakika moja. Kwa nini ni rahisi hivyo? Kwa sababu mazungumzo yote yako ndani ya simu, wazi, mbele yako. Humwombi mtu akufungulie sanduku la zamani. Vilivyomo unavyo, unaweka kufuli mpya tu.

Kama uko nje, hali ni nyingine kabisa. Tuchukue mfano, na mfano huu tumeutunga ili muone kila hatua.

Tuseme kuna dada anayejitolea hapo Majengo, Mombasa. Familia ikikamatiwa mtu, humtumia ujumbe wa sauti: siku gani, saa ngapi, kituo gani cha polisi, namba ya OB. Humtumia na picha za hati. Ana simu ya Android, na nakala yake aliisimba mwaka jana kwa nywila. Jumatatu asubuhi simu inanyakuliwa Mwembe Tayari. Anafanya la busara: anafunga laini, anaipata upya, ananunua simu nyingine, na jioni anaweka WhatsApp.

Anaandika namba yake na anapokea msimbo wa kuthibitisha. Hapo anaweza kuulizwa pini ya tarakimu sita, kama aliwahi kuiweka. Watu wengi huchanganya hapa, kwa hivyo sikilizeni vizuri. Pini hiyo ya tarakimu sita ni ya kulinda akaunti, ili mwingine asisajili namba yako. Nywila ya Google ni ya kuingia kwenye ghala ilikohifadhiwa nakala. Nywila ya nakala ni ya kufungua sanduku lenyewe. Ni siri tatu tofauti. Mbili za kwanza zina njia ya kurekebishwa ukizisahau. Ya tatu, ukiwa nje, haina.

Dada huyo anaingia Google yake, WhatsApp inaiona nakala, inamwambia imesimbwa, leta nywila. Anaandika anayoidhania. Siyo. Anaandika nyingine. Siyo.

Kama nakala yake ingekuwa ya kawaida, asingeulizwa chochote hapo. Ingerudi, na usiku huo angekuwa anasikiliza sauti zake. Lakini pia mtu yeyote ambaye angepata nakala hiyo kupitia kampuni angekuwa anazisikiliza sauti za familia hizo. Hiyo ndiyo biashara unayofanya ukichagua kufuli. Unaondoa wanaoweza kukusaidia pamoja na wanaoweza kukudhuru, kwa sababu ni mlango mmoja.

Afanye nini sasa? Kwanza, asimame. Asiendelee kubahatisha kwa hasira, kwa maana majaribio yana hesabu. Aketi, aandike kwenye karatasi nywila alizokuwa akitumia wakati huo, zile zenye uwezekano hasa, ajaribu hizo tu.

Pili, asiwe na haraka ya kuruka hatua hiyo na kuanza upya. WhatsApp hukupa nafasi ya kurudisha nakala wakati wa kusajili. Ukiruka, kisha simu mpya ikaanza kuhifadhi nakala zake kwenye akaunti ileile ya Google, nakala mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Hata ukikumbuka nywila wiki ijayo, hutakuwa na cha kufungua. Kama anahitaji WhatsApp leo leo, aendelee, lakini asiwashe nakala mpya kwenye akaunti hiyo mpaka awe ameamua kwamba ya zamani ameiacha.

Tatu, na hili lilitakiwa kufanywa mapema zaidi: je, WhatsApp yake ilikuwa imeunganishwa na kompyuta? Kompyuta iliyounganishwa huendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, hadi siku 14. Ndani yake kuna sehemu ya mazungumzo ya karibuni. Lakini ukisajili namba kwenye simu mpya, kompyuta hutolewa. Kwa hivyo mtu aliyeibiwa simu, na hana hakika ya nywila yake, aende kwanza kwenye kompyuta, achukue sauti, picha na maandishi ya muhimu, ayahifadhi pahali salama, ndipo asajili simu mpya.

Yote yakishindikana, akaunti yake haijapotea. Namba ni yake na grupu zake zimo. Kilichopotea ni historia. Itabidi awarudie wale waliomtumia, kila mmoja, awaombe watume tena, kwa sababu nakala ya kila ujumbe bado iko kwenye simu ya aliyeutuma, kama hajaufuta. Kwa sauti ya mwanafunzi mwenzako hilo ni usumbufu tu. Kwa shahidi aliyetuma mara moja kwa hofu, kisha akafuta, huenda ndiyo basi.

Na asije mtu akamwambia kuna fundi wa kuifungua. Mkisikia fundi yeyote, mjini au kwenye mtandao, anasema lete pesa nikufungulie nakala iliyosimbwa ya WhatsApp, jueni anawala. WhatsApp wenyewe hawawezi. Fundi anaweza kutoa vitu kwenye simu iliyoharibika kioo. Ufunguo wa sanduku lililoko Google Drive hana.

Sasa msitoke hapa mkasema, basi afadhali tusisimbe. Dawa ya kusahau ni ndogo kuliko mnavyofikiri.

Ukifika nyumbani, fungua ule ukurasa. Kama umeshasimba na huna hakika ya nywila, usijipime, badilisha tu. Uko ndani, inakubali. Kama hujasimba, washa. Chagua nywila ya maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo hujaitumia pengine popote, usiweke jina lako wala mwaka wa kuzaliwa. Kisha iandike kwa kalamu kwenye karatasi, uiweke nyumbani pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba. Wengine watacheka, karatasi zama hizi! Lakini mwizi wa Mwembe Tayari hana karatasi yako, na simu ikipotea karatasi haiendi nayo. Kitu kimoja usifanye: usijitumie nywila hiyo kwa WhatsApp, wala usipige picha ya skrini ukaiacha ndani ya simu hiyohiyo. Huko ni kufungia ufunguo ndani ya sanduku.

Wenye iPhone wana jambo moja la ziada. iPhone ina nakala yake ya simu nzima kwenda iCloud, mbali na ile ya WhatsApp. Ikiwa hiyo imewashwa na WhatsApp imo kwenye orodha yake, mazungumzo yako yanapanda tena bila ile kufuli yako, hata kama umesimba ya WhatsApp. Ingia Settings, gusa jina lako juu, iCloud, kisha iCloud Backup, na kwenye orodha ya programu uizime WhatsApp. Usipofanya hivyo umefunga mlango mmoja na wa pembeni uko wazi.

Mwisho, jueni kufuli hii inaishia wapi. Inailinda nakala iliyoko kwenye ghala la mtandaoni. Haimzuii mtu aliyeshika simu yako ikiwa imefunguliwa. Wala haimfungi uliyemwandikia. Rudini kwenye ile kesi ya 2018: sehemu ya ujumbe ule ilitoka kwa waliotumiwa. Katika grupu la watu hamsini, kama wewe umesimba na arubaini na tisa hawajasimba, maneno yako yako kwenye nakala arubaini na tisa ambazo hukuzifunga wewe. Kwa hivyo ikiwa kuna grupu mnalopokea mambo ya watu, semezaneni humo leo usiku, kila mmoja afungue ule ukurasa aseme ameona On au Off. Na kila aliyeona On aulizwe swali la pili: karatasi iko wapi?